Dazeni Moja ya Verna

Marlys Niemela alikuwa mwanamke wa kuamini kwamba kunyamaza ni kukubali. Ukimuuliza alijifunza wapi jambo hilo angekushangaa, kwa sababu Pohja nzima waliishi hivyo. Ni kijiji cha wajukuu wa Wafini waliokuja kuchimba shaba kaskazini mwa Michigan, Marekani, shaba ikaisha, wao wakabaki, na tangu hapo hakuna aliyelalamika kwa sauti. Mtu wa Pohja akikanyagwa mguu, husubiri aliyemkanyaga aondoke mwenyewe.

Marlys alitengeneza sabuni ya maziwa ya mbuzi. Alianza mwaka ule hospitali ilipofunga idara ya kufulia na kumrudisha nyumbani na sanduku la vitu vyake. Sasa chumba cha chini cha nyumba yake kilijaa rafu za mbao, na juu ya rafu vipande elfu moja na mia tano vya sabuni vilikuwa vikikomaa wiki sita, kwa maana sabuni isiyokomaa huisha bafuni kwa siku tatu na mteja harudi. Aliuza kwenye tovuti yake, kipande dola tisa. Pia aliuzia maduka kumi na manne ya zawadi kando ya ziwa, kwa bei ya nusu, dola nne na nusu. Hakukuwa na orodha wala masharti. Mwenye duka alipiga simu, akataja anachotaka, akaletewa.

Wa kwanza kabisa kati ya hao alikuwa Verna Kangas. Verna alikuwa na miaka sabini na moja na duka dogo barabarani, mbele ya gati. Siku ile Marlys alipokuja na sabuni zake za kwanza, zilizopinda kama matofali ya mlevi, maduka mawili yalikuwa yameshamwambia aache tu kadi yake, watampigia. Verna alinusa kipande kimoja, akakigeuza, akasema, "Nipe dazeni." Akalipa papo hapo. Miaka sita sasa, Verna alichukua dazeni moja kila ilipoisha ile nyingine. Marlys alisema mara nyingi, na alimaanisha, kwamba bila dazeni ile angekuwa anapanga mikebe ya maharagwe dukani kwa watu.

Basi mwezi wa Agosti akaja mdogo wake Sirka kutoka mjini na kompyuta yake. Sirka alifanya kazi ya hesabu za bei kwenye kampuni ya vifaa vya mabomba, na alikuwa na ugonjwa wa watu wa hesabu: akiona kitu kinakwenda bila jedwali, anawashwa mwili.

"Dada, nimeangalia oda zako za mwaka mzima," alisema, akisogeza mkate mtamu wa iliki ili kompyuta ipate nafasi mezani. "Unajua wewe unawafanyia watu kazi ya bure?"

"Mbona hela inaingia?"

"Inaingia na kutoka. Haya, niambie. Kipande kimoja kinakugharimu ngapi, ukihesabu mafuta, maziwa, magadi ya kostiki, lebo, na saa zako?"

"Dola tatu na senti kumi."

"Unamuuzia Verna nne na nusu. Unabaki na dola moja na senti arobaini. Mara kumi na mbili ni kumi na sita na senti themanini. Sasa boksi, karatasi, ankara, na saa yako ya kufunga na kupeleka, ni dola kumi na moja. Umebaki na dola tano na senti themanini. Hata kahawa na kipande cha pai hupati."

"Kahawa Verna ananipa bure."

"Ndiyo maana umaskini hauondoki hapa! Ngoja nikuonyeshe. Boksi la ishirini na nne linakula dola kumi na tatu tu kulifunga na kulipeleka, maana kazi ni ileile, karatasi ileile, safari ileile. Unabaki na ishirini na senti sitini. Dazeni mbili kwa pamoja zinakupa mara tatu na nusu ya dazeni moja. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka kiwango cha chini, dada. Wala si uchoyo."

Marlys alikagua hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha, kwa sababu hakuwa mjinga, na hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Kama Sirka angekuwa mwongo angekuwa na wa kumlaumu.

Wakapanga ngazi tatu. Kuanzia vipande ishirini na nne mpaka tisini na tano, dola nne na nusu. Kuanzia tisini na sita, dola nne na senti kumi. Kuanzia mia mbili themanini na nane, dola tatu na senti sabini, na hapo Sirka akagonga meza kwa kidole: "Chini ya hapa usishuke hata akija malaika. Senti sitini juu ya gharama, na kwa oda kubwa tu." Sabuni za harufu tofauti zingeweza kuchanganywa, ila hesabu ilikuwa ya oda moja. Mtu hawezi kuagiza dazeni leo na dazeni mwezi ujao akadai zijumlishwe.

Marlys akaangalia tena bahasha yake. "Hii ina tundu. Mtu akiagiza vipande tisini analipa mia nne na tano. Akiagiza tisini na sita analipa mia tatu tisini na tatu na senti sitini. Anapewa sita zaidi kwa hela pungufu."

"Kuanzia themanini na nane ndivyo ilivyo," Sirka alicheka. "Hilo si tundu, hilo ni chambo. Kila anayeuza jumla analo. Tena tunaweka maneno pale kwenye ukurasa, mtu akiwa anachagua, yamwambie aongeze apate bei nzuri. Andika wewe, wewe ndiye una lugha ya watu."

Marlys akaandika, na alijisikia fahari kidogo kuona maneno yake yakitokea kwenye kioo: *Ongeza kidogo, rafiki. Ukifika tisini na sita bei inashuka, nami utakuwa umenisaidia sana. Marlys.*

Kisha akauliza lile alilokuwa analizungukazunguka tangu asubuhi.

"Na Verna?"

"Verna vipi?"

"Verna ni wa dazeni moja."

"Dazeni moja siyo jumla, dada. Dazeni moja ni mtu mwenye familia kubwa."

"Usinifanyie mzaha. Hii programu haiwezi kumwekea yeye kiwango chake?"

Sirka alivuta pumzi. Alikuwa mkweli, hilo tumpe. "Inaweza. Unafungua akaunti yake, kuna kisanduku, unaandika kumi na mbili, basi. Lakini ukimwekea yeye, Hulda wa duka la asali atajua, maana wanakaa benchi moja kanisani. Akijua Hulda, wamejua wote kumi na wanne, na masharti yako yatakuwa mapambo. Ukitaka kumsaidia, mwache kwanza aseme kama ana shida."

Hapo ndipo Marlys alipokosea. Moyo wake ulimwambia apande gari aende dakika kumi mpaka dukani kwa Verna amuulize uso kwa uso, na yeye akaona haya. Ni vigumu kusimama mbele ya mtu aliyekulisha na kumwambia kwamba lishe yake haitoshi. Barua haina uso. Akaandika barua pepe moja kwa maduka yote: ngazi za bei, kiwango cha chini ishirini na nne kuanzia Septemba, bidhaa za jumla hazirudishwi. Mwisho akaweka: *Mwenye tatizo lolote aniandikie kabla ya Ijumaa.*

Ijumaa ikafika. Hakuna aliyeandika.

"Si unaona?" Sirka alisema kwenye simu. "Wamekubali."

"Wamekubali," Marlys alisema, na akalala vizuri.

Septemba Verna akaagiza ishirini na nne kupitia tovuti. Marlys alipoona jina lile alipiga makofi peke yake jikoni. Kumbe alikuwa anajitesa bure! Boksi akalituma kwa gari la posta, kwa sababu masharti mapya yalisema hivyo, na kwa sababu kwenda mwenyewe kungekula ile faida ambayo Sirka alimwonyesha. Kahawa ya Verna ikakosa mnywaji, lakini kahawa haikuwa kwenye jedwali.

Duka la Hulda na mengine matatu hayakuagiza tena, wala hayakusema kitu. Marlys alijiambia ni msimu. Wengine tisa waliagiza ishirini na nne au zaidi, na mwisho wa Oktoba Sirka alipiga simu akisoma takwimu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kazi ya kufunga maboksi ilikuwa imepungua kwa theluthi, na kilichobaki mkononi kilikuwa kimezidi. Yote yalikuwa kweli.

Tarehe nne Novemba ikaja oda ya tisini na sita. Verna Kangas.

Marlys alimpigia Sirka kabla hata ya kuvua glavu za mpira. "Tisini na sita! Verna!"

"Nilikwambia! Chambo kimeliwa."

"Usimwite samaki."

"Samaki mwenye akili, basi. Amejipunguzia senti arobaini kila kipande. Krismasi hii atauza kama mkate. Mwandikie asante."

Marlys akaandika asante. Aliweka na kipande kimoja cha zawadi kwenye boksi, cha harufu ya msonobari, na akaona ametenda ubinadamu.

Theluji haikuja mwaka ule. Ilianguka kidogo kwenye Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, ikayeyuka, na Desemba nzima barabara zilikuwa za matope. Pohja majira ya baridi huishi kwa wageni wenye pikipiki za theluji. Bila theluji hawaji, na wasipokuja hakuna anayemnunulia mke wake sabuni ya maziwa ya mbuzi kwenye duka la mbele ya gati. Marlys alisikitika kwa ajili ya maduka, kama mtu anavyosikitika juu ya habari za redio. Tovuti yake iliuza nchi nzima, haikujua habari za matope.

Baridi yenyewe ilikuja Januari, kavu, bila theluji, ya kupasua magome ya miti.

Katikati ya Februari alikuwa anapita kwenda kumwita daktari wa mbuzi wake, akaona karatasi kwenye dirisha la Verna. LIMEFUNGWA. Lakini mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani mtu alikuwa anasogeza kitu kizito. Marlys akaegesha gari.

Verna alikuwa katikati ya duka amevaa koti, kofia na viatu vya theluji, ndani ya nyumba. Sakafu ya mbao ilikuwa imevimba na kuinuka hapa na pale, na harufu ilikuwa ya unyevu. Rafu nyingi zilikuwa tupu.

"Ah, Marlys," Verna alisema, kama aliyemwona jana. "Kahawa sina leo. Maji yamekatwa."

"Verna, kumetokea nini?"

"Bomba lilipasuka. Mwezi uliopita, Jumapili. Nilipokuja Jumatatu maji yalikuwa yamefika kaunta."

"Bomba linapasukaje? Hukuwasha joto?"

"Gesi iliisha." Alikaa juu ya kreti, akasugua magoti. "Yule mwenye gari la gesi haleti chini ya galoni mia. Ndicho kiwango chake. Mimi nilikuwa nimebakiwa na hela ya galoni arobaini. Nikasema nitabana mpaka wageni waje, kisha nitaagiza mia. Wageni hawakuja. Bima wanasema joto lilikuwa limezimwa, hawalipi. Ndiyo hivyo."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. Marlys alitaka kusema pole, lakini macho yake yalikuwa yameshafika ukutani nyuma ya kaunta. Pale, juu ya meza mbali na unyevu, iliyofunikwa kwa nailoni kwa uangalifu, ilikuwapo sabuni yake. Ilikuwa nyingi, safu juu ya safu.

"Verna. Zimebaki ngapi?"

"Themanini na mbili. Hazikulowa hata moja, nilizipandisha juu mapema. Nilizitunza."

"Lakini kwa nini uliagiza tisini na sita? Wewe Krismasi huuzi zaidi ya dazeni tatu hata theluji ikiwa ya kiunoni!"

Verna alimwangalia kwa mshangao wa kweli. Hakukuwa na lawama usoni pake, na Marlys angeshukuru kama ingekuwapo.

"Si uliomba?"

"Niliomba?"

"Kwenye ukurasa. Niliweka ishirini na nne, ikatokea: ongeza kidogo, rafiki, utakuwa umenisaidia sana. Na jina lako chini. Nikasema, hee, Marlys amefika hapo? Miaka sita hajaniomba kitu." Alishusha sauti, kama vile jambo hilo lilikuwa aibu ya Marlys na halifai kusikika. "Nilishaona tangu ile barua ya Agosti kwamba mambo yako yamekuwa magumu. Mtu haongezi kiwango kwa watu wake kama hana shida. Sikutaka kukuuliza, usije ukaona haya. Nilikuwa na mia nne za gesi. Nikasema gesi itasubiri kidogo."

Marlys alishika ukingo wa kaunta. Maneno yale aliyaandika mwenyewe, kwa mkono wake, huku anakula mkate mtamu. Aliyaandikia watu wasio na sura, wanunuzi, na kumbe katika kijiji kizima alikuwapo mtu mmoja aliyeyasoma kama maneno ya jirani.

"Sikuwa na shida, Verna," alisema. "Sikuwa na shida yoyote. Ilikuwa... ni namna ya kuuza tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Aa," alisema Verna. "Basi vizuri. Nafurahi hukuwa na shida."

Na alikuwa anafurahi, mama yule, hilo ndilo la kukata maini.

"Ungeniandikia," Marlys alisema, na hapo alianza kulia. "Niliandika mwenye tatizo aniandikie. Kisanduku kimoja tu! Ningekuwekea kumi na mbili yako. Ningeweka siku ileile!"

"Sikuwa na tatizo. Nilidhani wewe ndiye unalo."

"Nazichukua. Zote themanini na mbili, sasa hivi, nakurudishia kila senti."

Verna akatikisa kichwa. "Uliandika hazirudishwi."

"Niliandika kwa ajili ya wengine!"

"Barua ilikuwa moja, Marlys. Sikuandikiwa ya peke yangu."

Hakuisema kwa ukali. Aliinuka kwenye kreti, akaenda kwenye meza, akakunja vizuri pembe ya nailoni iliyokuwa imefunuka, akaanza tena kusogeza kabati lake kuelekea mlangoni. Marlys akamsaidia upande wa pili kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini. Walipofika kizingitini Verna alimwambia kwamba binti yake anakuja Jumamosi kutoka Wisconsin kumchukua, kwamba jengo limepata mtu wa kulinunua kwa bei ya kiwanja, na kwamba sabuni atazigawa kanisani, watu wataoga mpaka Pasaka. Kisha akamwuliza alikuwa anaelekea wapi, na alipoambiwa akasema mbuzi wasisubirishwe daktari kwenye baridi, aende.

Nyumbani Sirka alikuwa amempigia mara mbili. Marlys hakupokea. Alikaa mezani na kofia kichwani, akafungua kompyuta, akafuta yale maneno ya *ongeza kidogo, rafiki*, kisha akafungua akaunti ya Verna Kangas. Kisanduku kilikuwapo palepale Sirka aliposema, chini ya anwani, kidogo, na ndani yake namba ishirini na nne. Akaifuta, akaandika kumi na mbili, akabonyeza. Ukurasa ukamwambia mabadiliko yamehifadhiwa. Alitazama saa ya ukutani. Tangu afungue akaunti ile haikuwa imetimia hata dakika moja.